Heshima Ifike Hadi Getini

Assalaam alaykum. Waheshimiwa wenye hoteli, mameneja, wakuu wa idara, na ndugu zangu wasimamizi mliotoka Nungwi, Kiwengwa, Paje na Makunduchi, na nyinyi mliovuka bahari kutoka Pemba, ahsanteni kwa kuitikia wito.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuwafundisha wafanyakazi wawe mabalozi wa kampuni, ili yale tuliyoyaandika kuwa ndiyo maadili yetu yaonekane katika kazi ya kila siku. Mada ni pana, na mimi nitachukua neno moja na mahali pamoja tu. Neno ni heshima, kwa sababu karibu kila hoteli niliyoingia kufundisha wameliandika ukutani pale mapokezi. Mahali ni geti. Si lile geti kubwa la magari, bali lile dogo linalotokea kijijini.

Nieleze kinachotokea pale. Ni saa kumi alasiri. Mgeni wa kike katoka ufukweni na nguo ya kuogelea, kajifunga kitambaa chepesi kiunoni, na mwenzake mwanamme yuko kifua wazi. Wanataka kwenda dukani kununua ndizi. Njia ya dukani inapita mbele ya chuo cha Kurani, na saa ile ndiyo watoto wanatoka. Askari anawaona wanakuja, anaona walivyovaa, anajua njia wanayokwenda, anafungua geti na kusema "Karibuni."

Huko mbele mzee aliyekaa barazani anageuza uso. Mama mmoja anasema neno kwa sauti. Watoto wanacheka na kupiga kelele. Wageni hawakifahamu Kiswahili lakini uso wa mtu haufichiki, wanarudi wamenyong'onyea, na usiku wanaandika mtandaoni kwamba wenyeji si watu wazuri. Kijijini nako watu wanaulizana, hawa ni wageni wa hoteli gani? Hoteli inatajwa jina, na kijana wa geti anatajwa pia, kwa sababu ni mtoto wa pale pale.

Sasa tujiulize, yule kijana hana heshima? Anayo. Kalelewa nayo, na nyumbani kwao hawezi kumpita mzee bila ya shikamoo. Kampuni haina haja ya kumfundisha heshima ni nini. Kwa hiyo tukimkalisha ukumbini tukamweleza maana ya heshima kwa picha za ukutani, tunampotezea siku yake. Kinachotakiwa kujulikana ni kwa nini heshima aliyonayo inakwama akishavaa sare yetu.

Nimewauliza askari wa mageti, nao wakishaamini kwamba hutakwenda kuwasemea kwa bosi wanajibu bila kuficha. Jibu la kwanza ni kwamba hawajapewa kazi hiyo. Karatasi zao za maelekezo zinasema wakague magari, waandike majina, wahesabu funguo. Jibu la pili ni kwamba hawana maneno. Kiingereza chao cha kusalimia kinatosha, lakini kumwambia mtu mzima kuhusu nguo zake bila kumvunjia hishma ni jambo gumu hata kwa lugha ya mama. Jibu la tatu ndilo zito zaidi: kuna mwenzao aliwahi kusema, mgeni akalalamika mapokezi, na meneja akamwita askari aombe radhi mbele ya mgeni. Tangu siku ile wote wakafunga midomo.

Kwa hiyo mafunzo yaanzie kwenye mambo haya matatu. Nitaeleza namna tulivyofanya katika hoteli moja ya pwani ya mashariki, ya ukubwa wa kati, ambayo sitaitaja jina.

Hatukuanza darasani. Tuliwakalisha pamoja askari, watu wa mapokezi, wahudumu wa vyumba na madereva, idara zote mchanganyiko, tukawauliza swali moja: wiki hii, ni wapi ulitaka kufanya jambo la heshima ukashindwa, au ulifanya ukaona limekwenda vizuri? Yalitoka mambo mengi. Mhudumu wa chumba alisema huwakuta wageni wanamaliza kuvaa kwa sababu anabisha hodi na kuingia papo hapo. Dereva alisema huulizwa bei na wageni baada ya safari na hajui aseme nini. Na geti likatajwa na karibu kila mtu, hata na wasiofanya kazi pale, kwa sababu wote wanaishi kijijini na wote huulizwa na majirani zao. Hapo ndipo tukachagua. Ni bora kuchagua nukta tatu na kuzifanyia kazi mpaka zikae, kuliko kuandika vitendo arubaini ambavyo hakuna atakayevikumbuka.

Kisha tukaandika kitendo chenyewe. Hapa kuna kipimo ninachokiamini sana: watu wawili wakisimama pembeni wakatazama, je, watakubaliana kwamba kimefanyika au hakikufanyika? "Awe mkarimu kwa wageni" haipiti. Mmoja atasema alikuwa mkarimu, mwengine atasema hapana. "Asimame kabla mgeni hajafika, asalimie kwanza, ndipo aseme jambo lake" inapita, kwa sababu inaonekana kwa macho. Maadili mengi yanabaki ukutani kwa sababu hakuna aliyeyashusha mpaka mahali pa kuonekana.

Tulipoandika kitendo cha geti tuligundua kwamba getini ni mahali pa mwisho mno pa kulisema jambo hili. Mgeni kesha toka chumbani, ana hamu ya safari, hataki kurudi. Anayekwambia wakati huo, hata kwa upole, anakukatiza. Basi tukalirudisha nyuma. Dereva anayempokea uwanja wa ndege, gari likipita vijijini, anaeleza kwa mazungumzo ya kawaida kwamba watu wa huku hufunika mabega na magoti wakiwa nje, na ufukweni mtu huvaa apendavyo. Mtu wa mapokezi anaposhika ufunguo, kabla hajautoa mkononi, anasema jambo lile lile kwa sentensi moja. Mhudumu wa chumba anaweka kanga na kikoi kabatini, na anamwonesha mgeni kwamba ni vya kutumia akitoka. Askari wa geti yeye anabaki na wachache waliosahau, si na kila mtu.

Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwaka 2021 kwamba wageni wanaotembea mitaani bila ya mavazi ya staha watatozwa faini. Wapo wasimamizi waliotaka tulitumie tangazo lile kama ndilo neno la kuanzia: mwambie mgeni atatozwa faini. Mimi nilikataa na bado nakataa. Mgeni akitishwa atafunika mabega, lakini atakuwa amefundishwa kwamba kijiji hiki ni mahali pa adhabu, na sisi tulitaka aone kwamba ni mahali pa watu. Faini mgeni anaweza kuisoma katika maelekezo ya chumbani. Mdomoni mwa askari tuweke kitu chengine.

Tulichoweka mdomoni mwake kilitungwa na askari wenyewe. Nao walikuwa na hekima kuliko sisi. Mmoja alisema, "Mimi sitamwambia asiende. Nitamuuliza anakwenda wapi." Na ikawa hivyo. Askari anasalimia, anauliza wanakwenda wapi, mgeni anajibu dukani. Askari anasema, "Dukani ni karibu, geuka kushoto ukifika kwenye mwembe. Utapita karibu na chuo cha watoto, na wazee wako barazani wakati huu. Huku kwetu tunajifunika tukipita pale. Chukua kanga hii, utanirudishia ukirudi." Kanga ziko kwenye sanduku pembeni ya kibanda chake, safi, zimekunjwa, na vikoi kwa ajili ya wanaume. Mtazame mpango wa maneno yale: kwanza msaada wa njia, kisha sababu, kisha kitu mkononi. Mgeni hakukatazwa kitu, na ana namna ya kutenda jema pale pale bila ya kurudi chumbani.

Kila askari alitakiwa awe na maneno yake mwenyewe yanayobeba vitu vile vitatu. Tulipojaribu kuwakaririsha sentensi moja, wote walitoka kama kanda iliyorekodiwa, na mgeni huisikia sauti ya kukariri hata kama hajui lugha.

Halafu ndiyo mazoezi. Mazoezi yafanyike pale pale getini, watu wamesimama, sauti imetoka. Ukumbini mtu hukaa kitini akasema "hapo mimi nitamwambia avae kanga," na wote wakaafiki. Kusema kwamba utasema si kusema. Kwanza mkufunzi na msimamizi wanaonesha mara moja namna mbaya na mara moja namna nzuri, wafanyakazi wanataja tofauti walizoziona, kisha wanaingia wawili wawili. Mmoja askari, mmoja mgeni. Raundi ya kwanza mgeni ni mpole. Raundi ya pili mgeni ana haraka, hasimami. Raundi ya tatu mgeni anakuja juu: "Nimelipa pesa nyingi, wewe nani wa kunipangia nguo?"

Raundi hiyo ya tatu ndiyo mafunzo yenyewe, na ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa sababu muda umekwisha au kwa sababu anayeigiza mgeni anamwonea huruma mwenzake. Mchagueni mtu wa kuigiza asiyekubali haraka. Askari ajifunze kukaa kimya pumzi moja, asirudie hoja, asitafute msaada wa sheria, aseme tu, "Sawa, ni uamuzi wako. Nilitaka uwe na safari nzuri," na afungue geti. Ndiyo, afungue geti. Kazi yake ni kusema, wala si kumzuia mtu mzima. Baadaye amwarifu msimamizi wa zamu, ili mtu wa mapokezi azungumze na mgeni yule kwa utulivu jioni. Askari wengi nyuso zilifunguka walipoambiwa hivyo, kwa sababu walidhani kwamba wakianza kusema basi lazima washinde.

Kila zoezi lichukue dakika 20 hivi, wakati wa kubadilishana zamu, na lirudiwe baada ya wiki moja, kisha baada ya mwezi. Siku nzima ya ukumbini yenye chai na sambusa ina raha yake, lakini kinachofunzwa mara moja bila ya kurudiwa husahaulika upesi. Ritz-Carlton, hoteli zinazojulikana duniani kwa huduma, wafanyakazi wao hukutana kwa dakika chache mwanzoni mwa kila zamu na kuzungumzia jambo moja tu la huduma. Hilo halitaki bajeti. Linataka msimamizi anayefika kabla ya zamu.

Kuna watu wawili husahauliwa katika mafunzo haya, nami nawaomba msiwasahau. Wa kwanza ni zamu ya usiku, ambao siku ya mafunzo wamelala. Wa pili ni wafanyakazi wasiokuwa wetu. Hoteli nyingi hapa askari wake wanatoka kampuni ya ulinzi, na madereva ni wa kukodi. Hawamo katika orodha ya mishahara yetu, kwa hiyo hawamo katika orodha ya mafunzo. Mgeni hajui mkataba wa nani uko kwa nani. Kwake yeye, mtu wa kwanza aliyemwona uwanja wa ndege na wa mwisho aliyemfungulia geti ndio hoteli. Kabla hamjaanza, kaeni na kampuni ya ulinzi, mkubaliane kwamba askari hawatahamishwa kila mwezi kwenda kulinda kwengine. Katika hoteli ninayoieleza, nusu ya askari tuliowafundisha walihamishwa kabla ya zoezi la pili, tukaanza upya.

Sasa nirudi kwa lile jibu la tatu, la meneja na radhi. Ritz-Carlton wana utaratibu mwengine unaojulikana sana: mfanyakazi yeyote anaweza kutumia hadi dola 2,000 kutatua tatizo la mgeni mmoja bila ya kuomba ruhusa. Hoteli zetu hazina uwezo huo, wala geti letu halihitaji. Lakini chini ya fedha ile pana ahadi, kwamba ukitenda kwa nia iliyokubaliwa, kampuni iko nyuma yako. Ahadi hiyo sisi tunaweza kuitoa. Kwetu ilikuwa sanduku la kanga na neno la meneja.

Na meneja naye alifanyishwa mazoezi. Alisimama mapokezi, mmoja wa wahudumu akaigiza mgeni aliyekasirika: "Askari wenu kanidhalilisha." Mara ya kwanza meneja alianza kwa kusema, "Samahani sana, nitamshughulikia." Wafanyakazi wakatazamana. Ilibidi arudie mpaka akapata maneno ya kumtuliza mgeni bila ya kumtoa askari kafara: "Nasikitika kwamba ulijisikia vibaya. Kijana wetu alifanya tulichomwomba, kwa sababu tunataka mpokewe vizuri kijijini. Naomba nikueleze zaidi." Kama askari alikosea namna ya kusema, ataambiwa baadaye, faraghani. Wafanyakazi waliposikia maneno yale yakitoka kwa meneja mwenyewe, ndipo walipoamini kwamba jambo hili ni la kweli.

Hapa nitaje mfano wa mbali unaoonesha kampuni inavyoweza kuua maadili yake kwa mkono wake. Benki ya Marekani iitwayo Wells Fargo ilikuwa na maadili yaliyoandikwa vizuri juu ya kumtendea mteja haki. Wakati huo huo wafanyakazi walipangiwa malengo makubwa ya mauzo, wauze akaunti nyingi kwa kila mteja, na asiyefikia lengo alikuwa hatarini. Mwaka 2016 ikabainika kwamba wafanyakazi walikuwa wakiwafungulia wateja akaunti bila ya ridhaa yao. Wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kazi, na benki ikatozwa dola milioni 185. Mfanyakazi husikiliza kile anachohesabiwa. Kwetu, kama kitu pekee kinachosomwa katika mkutano wa Jumatatu ni nyota za mtandaoni, askari atafahamu kwamba usalama wake uko katika kunyamaza. Basi mkutano ule ule usome na jambo la geti.

Lisomwe vipi? Mwaka 1959 mtaalamu wa Marekani, Donald Kirkpatrick, alieleza ngazi nne za kupima mafunzo: watu waliyapenda, walijifunza kitu, wanatenda tofauti kazini, na kazi yenyewe imebadilika. Sisi wengi tunaishia ngazi ya kwanza, ile fomu ya mwisho wa siku. Kwa geti, ngazi ya tatu ni nyepesi kuipata. Msimamizi akae mahali anapoona kwa nusu saa, saa ya wageni kutoka, mara moja kwa wiki, na karatasi yenye maswali machache: alisimama, alisalimia kwanza, alieleza sababu, alitoa kanga? Ngazi ya nne iko kijijini. Nendeni kwa mwenye duka, nendeni kwa sheha, muulize wageni wetu wanapitaje siku hizi. Sheha atakwambia bila ya fomu. Na hesabuni kanga. Kama sanduku halipungui kanga mchana kutwa wakati wa msimu, ama wageni wote wamevaa vizuri, ama hakuna anayesema kitu, na nusu saa ya kukaa pale itakuonesha ni lipi.

Zipo dalili mbili za mafunzo yaliyoharibika ambazo fomu haizioni. Ya kwanza ni askari kumwambia kila mtu, hata mama aliyejifunika mpaka miguuni. Huyo anatekeleza amri, hatazami tena. Ya pili ni kuwasimamisha wanawake peke yao na kuwaacha wanaume wapite kifua wazi. Hiyo tuliiona wiki ya kwanza tu, na ilibidi tuirekebishe kwa nguvu, kwa sababu wageni wa kike waliiona kabla yetu na walikuwa na haki ya kuudhika. Kikoi kimo sandukuni kwa sababu hiyo.

Limebaki jambo moja, nalo halifundishiki getini. Mfanyakazi hawezi kuitoa nje heshima asiyoipata ndani. Kuna hoteli ambapo msimamizi anamkemea mhudumu ukumbini mbele ya wageni, kisha anashangaa kwamba wahudumu hawana uso wa bashasha. Kipimo changu ni mwezi wa Ramadhani. Jua linazama, wageni wanataka chakula cha jioni, na wafanyakazi wamefunga tangu alfajiri. Je, ratiba imepangwa ili kila mtu apate kufuturu kwa wakati wake, ameketi, au anameza tende amesimama nyuma ya mlango wa jiko huku akiitwa? Hili linawezekana kupangwa. Zamu zigawanywe mafungu mawili, wasiofunga washike ukumbi dakika za maghribi, chakula cha wageni kianze nusu saa baadaye, na mapokezi wawaeleze wageni sababu yake pale wanapowakabidhi ufunguo. Wageni wengi wakielezwa hukubali kwa moyo, na wengine huomba wakae kufuturu pamoja nao. Ratiba hiyo ibandikwe kabla ya mwezi kuandama, chini yake liandikwe jina la msimamizi anayewajibika kwa kila jioni, na isomwe katika mkutano ule ule wa Jumatatu pamoja na hesabu ya kanga.

Ahsanteni. Walioko Pemba wenye hoteli ndogo zisizokuwa na geti, nimewasikia mkinong'onezana, tuanzie maswali na nyinyi.